Mpangaji akilazwa au akifariki ghafla: mwenye nyumba aanzie wapi

Nina vyumba saba vya kupangisha Tandika, Temeke, vyote kwenye uwa mmoja wenye geti moja. Wapangaji wawili wamenifia. Wa kwanza nilikosea karibu kila hatua. Nilifunga chumba chake kwa kufuli langu, peke yangu, usiku. Ndugu zake walipofika nikawaambia walipe kodi kwanza ndipo wachukue vitu. Tuliishia ofisi ya serikali ya mtaa, mimi natuhumiwa kuchukua laki tatu ambazo sikuwahi kuziona, na sikuwa na shahidi hata mmoja wa kunitetea.

Wa pili alikuwa fundi cherehani wa chumba namba nne, mtu wa Newala, akiishi peke yake. Nitapita naye hatua kwa hatua, kwa sababu yeye alianza kwa kulazwa akaishia kwa kufariki, na njiani nilikutana na karibu kila jambo ambalo humkuta mwenye nyumba.

1. Usiku wa kumpeleka hospitali

Tarehe 11 Aprili, saa tatu usiku, jirani wa chumba namba tano alisikia kitu kizito kimeanguka. Fundi alikuwa chini pembeni ya cherehani yake, mdomo umepinda upande. Vijana wawili wakampakia kwenye bajaji, mimi nikabaki mlangoni.

Mtu akishaondoka hivyo, chumba chake kina mlango wazi, taa inawaka, na pengine jiko liko motoni. Ni lazima uingie, lakini usiingie peke yako. Mimi nilimwita jirani wa namba tano na mjumbe wetu, tukaingia watatu. Tulizima pasi ya umeme, tukafunga mtungi wa gesi, tukachukua vitu vinavyotakiwa hospitali tu: kitambulisho cha NIDA, kadi ya bima, dawa alizokuwa akitumia pamoja na kadi ya kliniki, simu na chaja, shuka, ndala na nguo za kubadili. Dawa zile zilikuwa kwenye mfuko wa kaki. Tulizipeleka zikiwa ndani ya mfuko huohuo, kwa sababu daktari anazihitaji, lakini ugonjwa wa mtu haujadiliwi uani. Niliwaambia wenzangu palepale: tulichokiona humu kinabaki humu.

Pesa taslimu tulizikuta kwenye droo ya cherehani, elfu thelathini na nne. Tulizihesabu watatu kwa sauti, tukaziweka kwenye bahasha, tukaandika kiasi na tarehe juu yake, wote tukasaini pale bahasha inapofungwa. Alibaki nayo mjumbe, mimi sikutaka kuishika.

Kama mtu ameanguka kwa ajali, amepigwa, au unahisi amekunywa sumu, mmoja wenu apitie polisi kuchukua PF3 wakati wengine wanaendelea naye hospitali. Usimcheleweshe mgonjwa kituoni kwa ajili ya karatasi.

2. Kufunga chumba bila kukifanya chako

Kosa langu la kwanza kabisa lilikuwa kufuli, kwa hiyo safari hii nilikuwa makini. Kama funguo za mpangaji zipo, funga kwa kufuli lake mwenyewe. Funguo za fundi zilikuwa mfukoni mwake, zikaenda naye kwenye bajaji. Nilinunua kufuli jipya lenye funguo mbili kesho yake asubuhi, tukafunga mbele ya mjumbe. Ufunguo mmoja alichukua mjumbe, na wa pili pia akautunza yeye kwa ajili ya ndugu atakayekuja. Mimi sikubaki na ufunguo. Watu walishangaa, lakini mwenye nyumba asiye na ufunguo hawezi kuulizwa kilichopotea.

Siku mbili baadaye tulifungua tena watatu kwa sababu ya harufu. Friji dogo lilikuwa na samaki na umeme wa chumba chake ulikuwa umekwisha. Nilipiga picha kilichokuwemo, tukatupa, tukaacha mlango wa friji wazi na kipande cha kuni katikati usijifunge ukaota ukungu. Kila mara mnapofungua, andikeni tarehe, sababu na majina. Daftari la shule linatosha.

3. Kuwapata ndugu

Simu ya fundi ilikuwa na namba ya siri. Usijaribu kubahatisha namba, na usikubali kijana wa mtaani "aifungue". Simu siku hizi ni benki ya mtu, na atakayeonekana ameichezea ndiye atakayeulizwa salio. Ichaji tu, subiri ipigwe. Saa kumi na mbili asubuhi ilipiga, jina likasomeka "Kaka Mkubwa". Kijana aliyekuwa naye hospitali alipokea na kusema maneno machache niliyokuwa nimemwelekeza: yeye ni jirani yake, fundi ameugua ghafla jana usiku, amelazwa, yuko chini ya madaktari, na mama mwenye nyumba anapatikana kwa namba hii. Alitaja hospitali na wodi. Hakutaja kupooza wala kubashiri chochote.

Kama ni habari ya kifo, usimwambie yeyote anayepiga kwanza. Anaweza kuwa mtoto wa miaka kumi na miwili, au mke aliye peke yake ndani ya basi. Omba kuongea na mtu mzima wa familia, mjomba, shangazi au kaka, umwambie yeye, naye ndiye ajue namna ya kuwafikishia wengine. Ukishindwa kumpata, serikali ya mtaa ya kwao inaweza kupigiwa kupitia mwenyekiti wako.

4. Akiwa bado kitandani

Fundi alikaa wodini wiki tatu. Kodi yake ilikuwa elfu sabini kwa mwezi, hulipa miezi mitatu mitatu, na robo yake ilikuwa imeisha tarehe 31 Machi. Yaani alipoanguka alikuwa tayari na deni la Aprili.

Chumba bado ni chake. Usimpangishe mtu mwingine "kwa muda", usisogeze vitu vyake stoo, usikate umeme. Kodi inaendelea kuhesabika, lakini kuhesabu si sawa na kudai. Kwa mgonjwa mwenyewe usipeleke ujumbe wa kodi kabisa. Nilimwandikia kaka yake mara moja tu, baada ya yeye kufika Dar na kumwona mdogo wake:

"Shikamoo kaka. Pole na kuuguza. Kwa taarifa tu, kodi ya mdogo wetu iliishia tarehe 31 Machi. Sihitaji jibu sasa, chumba chake kiko salama na hakuna atakayekigusa. Mkitulia tutaongea."

Akijibu kwamba familia inataka kurudisha chumba, hapo kuna mtego. Mgonjwa aliye hai na mwenye akili zake ndiye mwenye chumba. Kaka hawezi kukirudisha kwa niaba yake kwa kuwa tu ni kaka. Nenda wodini na huyo kaka, muulizeni mwenyewe. Kama hawezi kuandika, aweke dole gumba kwenye karatasi mbele ya ndugu na shahidi mmoja asiye wa familia. Kama hajitambui, chumba kinasubiri, labda familia ilipie au mkubaliane kwa maandishi kodi isimame mpaka hali ijulikane. Mimi nilipendekeza isubiri.

Na kama ukimsaidia pesa ya dawa, amua siku hiyohiyo ni msaada au ni mkopo. Mimi nilitoa elfu ishirini na sikuiandika popote. Ukiitoa kama msaada halafu ukaja kuiongeza kwenye deni la kodi, maneno yake hayatakwisha mtaani.

5. Kifo

Fundi alifariki hospitali tarehe 2 Mei, kwa hiyo karatasi zilianzia huko: familia ilipewa taarifa ya kifo na kibali cha mazishi, na cheti cha kifo walikifuatilia RITA baadaye.

Ingekuwa amekutwa amefariki chumbani, mambo yangekuwa mengine. Mlango umefungwa kwa ndani siku mbili na simu inaita bila kupokelewa? Usiuvunje peke yako. Mwite mjumbe na mwenyekiti wa mtaa, pigeni polisi 112, mlango ufunguliwe mbele yao. Ukiona kwamba amefariki, usimguse, usimlaze vizuri, usimfunike, usiokote kikombe wala kidonge. Najua inauma kumwacha mtu alivyo, lakini polisi na daktari wanahitaji kuona kama kuna jambo, na mkono wako wa huruma unaweza kuharibu ushahidi au kukuingiza kwenye maelezo yasiyoisha. Simama mlangoni, zuia watu na kamera zao. Hilo la kamera lisimamie kwa ukali, maana picha hutangulia kufika kwao kabla ya mtoa habari.

Msibani nenda kama jirani. Toa rambirambi yako, kaa, kula ubwabwa na wenzio. Kabla ya maziko msemaji wa familia huwa anatangaza kwamba anayemdai marehemu aonane na familia. Usisimame pale kutaja kodi. Tangazo hilo linakupa haki ya kumfuata msemaji baada ya tanga kuanuliwa, nayo inatosha. Fundi alisafirishwa kuzikwa kwao, nami nikasubiri warudi.

6. Nani akabidhiwe vitu

Hapa ndipo penye moto. Tarehe 10 Mei alifika mwanamke kutoka Mbagala na mtoto wa miaka mitano, akasema yeye ni mzazi mwenzie na marehemu na cherehani ni ya mtoto. Siku mbili baadaye kaka akaja na kirikuu kuchukua vyote. Wote wawili walikuwa wapole, na wote wawili walitaka nifungue mlango.

Mtu akishafariki, vitu vyake ni mirathi, na anayestahili kuvikusanya na kulipa madeni ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Sheria ya mirathi, Sura 352, haimruhusu mtu asiye na mamlaka kujichukulia tu mali ya marehemu. Kuilinda isiharibike inaruhusiwa. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kulinda, na kuamua nani mrithi hakukuwa kazi yangu. Jibu langu kwa wote wawili lilikuwa moja: "Poleni sana. Sikatai mtu yeyote. Kaeni kikao cha ukoo, na mama mtoto awepo, mniletee muhtasari, tufungue mbele ya mjumbe."

Niseme ukweli, kwa mali ya kitanda, friji dogo na cherehani, familia nyingi haziendi mahakamani. Hivi ndivyo ninavyopima mimi. Kama ni vyombo vya kawaida na familia nzima inakubaliana, napokea muhtasari wa kikao cha ukoo uliosainiwa, nakala ya karatasi ya kifo, na barua ya serikali ya mtaa inayomtambua anayechukua. Kama kuna pikipiki au gari, hati ya kiwanja, kadi za benki, pesa nyingi, au ndugu mmoja tu anayepinga, mlango haufunguliwi mpaka hati ya mahakama ije. Ile njia ya kwanza ni ya mazoea na haina nguvu ya mahakama, ndiyo maana haifai penye ugomvi.

Hali ni tofauti kama marehemu alikuwa akiishi na mke au mume chumbani. Huyo hatolewi. Ndugu wakija na gari kubeba makochi huku mjane amekaa juu yake, geti ni lako, lifunge na uite serikali ya mtaa. Vitu vingine vitakuwa vyake mwenyewe, amenunua kwa jasho lake. Hata kama hakukuwa na cheti cha ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 inawachukulia walioishi pamoja miaka miwili au zaidi, wakijulikana kama mke na mume, kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vingine. Mwenye nyumba hana mamlaka ya kusema "huyu alikuwa hawara tu".

7. Siku ya kukabidhi

Kikao chao kilikubaliana: kaka achukue vyombo, cherehani iende kwa mama mtoto. Tarehe 24 Mei tulifungua tukiwa sita. Mmoja anataja kitu, mmoja anaandika, wengine wanatazama. Andika kinachoonekana, usikisie thamani wala aina. "Mkufu wa rangi ya njano" ni salama kuliko "mkufu wa dhahabu". "Friji dogo jeupe, halijajaribiwa" ni salama kuliko "friji zima".

Kilichotuchukua muda mrefu ni vitambaa. Chumba cha fundi kina mali za watu. Tulikuta vipande kumi na tisa vya vitenge na suti, kila kimoja kimefungwa na kikaratasi cha vipimo, vingine vina jina na namba ya simu. Hivyo si mirathi, ni vya wateja. Wakati wa ugonjwa walikuja wateja kama watano kugonga geti wakitaka nguo za harusi, na niliwaambia wasubiri. Siku ya kukabidhi tuliorodhesha vitambaa kwenye karatasi ya peke yake, tukawapigia wenye namba. Aliyekuja alitaja rangi na mshono kabla ya kuonyeshwa, akasaini, akachukua. Wawili walikiri kwamba nguo zao zimekamilika na hawajamalizia malipo, wakampa kaka hapohapo, ikaandikwa. Hizo ni pesa ambazo marehemu alikuwa akiwadai wengine, na ni rahisi kuzisahau. Vipande vinne visivyo na jina alivichukua kaka pamoja na orodha yake, ili mwenyewe akitokea ajue pa kwenda.

Nguo za ndani, barua, picha na vyeti vya hospitali sikutaka vipite mikononi mwa watu sita. Kaka aliviweka mwenyewe kwenye begi, tukaandika "begi moja, vitu binafsi".

Karatasi ya makabidhiano ilikuwa fupi:

"Leo tarehe 24 Mei, mimi ____, kaka wa marehemu ____, nimepokea vitu vilivyoorodheshwa hapo juu, namba 1 hadi 31 isipokuwa namba 7, pamoja na bahasha ya Sh 34,000 ambayo saini zake hazikufunguliwa. Cherehani, namba 7, amepokea ____. Chumba kimerudishwa kwa mwenye nyumba kikiwa kitupu. Suala la kodi limeandikwa kwenye karatasi nyingine."

Sentensi ya mwisho ina sababu. Vitu visifungwe kamba na kodi. Ukiandika zote pamoja, mtu atasoma kwamba ulishikilia vitu mpaka ulipwe.

8. Deni la kodi

Unayemdai sasa si mtu tena, ni mirathi, na mirathi hulipa kwa utaratibu: gharama za mazishi kwanza, madeni, ndipo warithi wagawane kilichobaki. Kaka hawajibiki kulipa kutoka mfukoni mwake, na mama mtoto pia. Wewe ni mdai kama wengine. Usiuze friji ufidie, usiombe "kitu cha kushikilia".

Hesabu yangu niliandika hivi: kodi ya Aprili 70,000, maji 6,000, mchango wa umeme 8,000, jumla 84,000. Mei sikuidai. Ningeweza, maana vitu vilikaa mpaka tarehe 24, lakini mimi ndiye niliyewaambia wasifungue mpaka kikao kikae, na kumtoza mtu siku ulizomzuia mwenyewe si uungwana. Nilimpa kaka karatasi hiyo na nakala ya ukurasa wa daftari unaoonyesha malipo ya mwisho. Alisoma, akasema, "Mama, hili tunalitambua." Alilipa elfu arobaini ndani ya wiki mbili kutoka kwenye zile pesa za wateja na mauzo ya friji, nikampa risiti. Elfu arobaini na nne iliyobaki niliisamehe, nikaandika "imesamehewa" nikasaini, ili mwanangu asije kuidai siku mimi sipo.

Deni likiwa kubwa, la chumba cha biashara kwa mfano, usisamehe kwa haya. Mpe msimamizi madai yako kwa maandishi mapema, kabla mali haijagawanywa, na ubaki na nakala iliyosainiwa.

9. Siku deni linapokuwa lako

Wapangaji wengi wa Dar hulipa miezi mitatu, sita, hata mwaka mbele. Kwa hiyo mara nyingi mwenye nyumba ndiye anayedaiwa, na hili wenzangu wengi hawapendi kulisikia. Mpangaji akilipa 420,000 kwa Januari hadi Juni, akafariki Machi, na chumba kikarudishwa tarehe 31 Machi, umekaa na 210,000 ya mirathi. Toa maji na umeme anaodaiwa, zilizobaki rudisha kwa msimamizi, au kwa aliyetajwa kwenye muhtasari kama hakuna mahakama, kwa risiti. Ukiwa umezitumia, sema, mpange tarehe. Familia pia inaweza kuchagua mjane au watoto wakae mpaka muda uliolipiwa uishe, na hapo huna la kukataa.

10. Daftari

Baada ya fundi, nilibadilisha ukurasa wa mpangaji mpya. Zamani niliandika jina, simu na kodi. Sasa naomba simu za ndugu wawili wanaokaa sehemu mbili tofauti, nazipiga mbele ya mpangaji kuhakikisha zinapatikana, na kila Januari nazipiga tena. Nauliza kama ana dawa ya kudumu ambayo hospitali wanapaswa kuijua wakimpokea akiwa hawezi kusema. Akitaka hujibu, asipotaka naacha. Na kwenye mkataba kuna mstari mmoja ambao yeye mwenyewe anaujaza kwa mkono wake: "Nikipatwa na jambo, mlango wangu ufunguliwe mbele ya ____."